Lebo ya dawa kwa mgonjwa asiyejua kusoma: maswali na majibu

Lebo zetu huandikwa "1 x 3 kutwa". Nikitaka kuigeuza iwe picha, nianzie wapi?

Anza kwa kujiuliza mgonjwa anatakiwa afanye nini kwa mikono yake. Tuchukue amoksilini ya miligramu 500: kapsuli 1 kila baada ya saa 8, kwa siku 5. Kapsuli zote ni 15. Hapo "kutwa" yenyewe ina mtego, maana kwa wengi kutwa ni mchana, tangu jua kuchomoza hadi kuzama. Mtu anaweza kumeza zote tatu kabla ya magharibi, halafu usiku kucha mwili ukakaa bila dawa.

Chora visanduku vitatu vilivyopangana. Cha kwanza kina jogoo na jua linalochomoza, cha pili jua la utosini, cha tatu mwezi na nyota juu ya weusi mtupu. Usitegemee jua lililokatwa nusu peke yake, kwa sababu la asubuhi na la jioni hufanana kabisa. Jogoo ndiye anayetofautisha. Wala usimchore mtu amelala, maana wapo watakaosema dawa hii inaleta usingizi. Chini ya kila kisanduku weka kapsuli moja yenye umbo lake halisi.

Siku tano zinahitaji mchoro wa pili, nyuma ya bahasha: mistari mitano, kila mstari una viduara vitatu. Kila akimeza, anakata kiduara kimoja. Faida yake utaiona akirudi: viduara visivyokatwa vikiwa sita, na kapsuli sita zikabaki, unajua ameacha baada ya siku tatu.

Kama hajui kusoma, maneno ya nini tena?

Nyumbani kuna atakayemsomea, mara nyingi mtoto wa shule. Kwa hiyo andika sentensi ambayo mtoto akiisoma kwa sauti inaeleweka papo hapo: "Asubuhi meza 1." "Mchana meza 1." "Usiku meza 1." Mtoa dawa naye atamke maneno hayohayo dirishani huku akigusa kila picha kwa kidole, ili mgonjwa akiyasikia nyumbani ayatambue.

Saa ziandikwe kwa Kiswahili: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Ukiandika 06:00, msomaji anaweza kusema "saa sita", na dozi ya alfajiri ikahamia adhuhuri. Angalia pia makatazo. "Umeze" na "usimeze" vinatofautiana kwa silabi moja tu, na maandishi yakififia hiyo silabi ndiyo hupotea. Heri "Hapana! Usimeze", kukatazwa mara mbili.

Picha ya "baada ya kula" na ya "mjamzito asitumie" mbona zinatusumbua?

Sahani tupu ukikusudia "umeshakula", mwenzio anaona "hujala kitu", yaani kinyume chake. Mchore mtu anayekula, na dawa iwe kando ya sahani yenye chakula. Amoksilini humezwa kabla au baada ya chakula, kwa hiyo usiiwekee picha ya chakula hata kidogo; kila picha ya ziada inapunguza nafasi ya ile ya lazima kukumbukwa.

Ya mjamzito ni hatari zaidi. Mwanamke mwenye tumbo aliyepigwa alama ya X husomwa na baadhi ya watu kuwa "dawa ya kuzuia mimba", na huyo ataimeza kwa makusudi. Iweke X juu ya dawa, mwanamke aonekane akiisukuma kwa kiganja. Hata hapo, dawa ya namna hiyo isitoke dirishani kwa picha peke yake bila maelezo ya mdomo.

Nitajuaje kwamba picha inaeleweka?

Usiwaulize wauguzi wenzako. Wao wanajua jibu kabla ya kuangalia. Waonyeshe watu wasiojua kusoma, ambao hawajawahi kuiona, kisha uliza: "Picha hii inakuambia ufanye nini?" Andika jibu neno kwa neno. Ukiuliza "umeelewa?" karibu wote watakuitikia kwa adabu. Baada ya hapo wape maharage 15 badala ya kapsuli, watenge ya siku moja katika mafungu matatu.

Kiwango cha Marekani cha ANSI Z535.3 kinataka angalau asilimia 85 wajibu sawasawa, na wasizidi asilimia 5 wanaoelewa kinyume. Kwa watu 50, maana yake wanaojibu sawasawa wawe 43 au zaidi, na wa kinyume wasizidi wawili. Hesabu hizi mbili usizichanganye. Picha iliyojibiwa sawasawa na 45, huku watano waliobaki wote wameelewa kinyume, imeanguka, na ni ya kuchorwa upya.