Maana ya kubanwa: barua kuhusu hatua ya tano

Kwako Namukasa,

Picha ya karatasi yako ya mchezo wa chesi, ule uliocheza ukiwa mweusi, imefika. Kidole gumba kimeziba pembe ya chini, na mstari wa tano umefifia, lakini unasomeka ukiuweka ubaoni. Nimeuandika upya ili tuzungumzie kitu kimoja:

```
1. e4   e5
2. Nf3  d6
3. Bc4  Bg4
4. Nc3  g6
5. Nxe5 Bxd1
6. Bxf7+ Ke7
7. Nd5#
```

Mstari wa tano ungeweza kusomwa Nxc5, ila c5 palikuwa patupu, hapana cha kula. Kwa hiyo ni e5. Wa saba umeandika kitu kama Nb5, lakini farasi akienda b5 hampigi mfalme cheki, na mchezo uliisha hapo kwa chekimeti, basi ni d5. Herufi d yako na b zinafanana mno. Mkia wa d upeleke juu kabisa.

Sasa maana ya neno kubanwa. Kipande kimebanwa pale kinapokuwa kwenye mstari mmoja kati ya adui na kipande kikubwa nyuma yake, hivi kwamba kikiondoka, kile cha nyuma kinaliwa. Askofu wako alipokwenda g4 kwenye hatua ya tatu, alimbana farasi wa f3, kwa sababu nyuma yake, d1, alikaa malkia wa mweupe. Hapo ulikuwa sawa. Kosa ni kuamini kwamba farasi huyo hawezi kusogea.

Nyuma ya farasi angekuwa mfalme, sheria ingemkataza kuondoka, maana huruhusiwi kumwacha mfalme wako kwenye cheki. Huko ndiko kubanwa kamili. Nyuma yake akiwa malkia, hakuna sheria inayomzuia. Kinachomzuia ni bei tu, na mweupe akipata cha thamani zaidi ya malkia, atalipa bei hiyo. Huku ni kubanwa nusu.

Hebu tuitazame hatua ya tano polepole. Farasi anakula askari wa e5, malkia anabaki wazi, nawe ukamla. Kondakta wa taksi akikurudishia noti ya elfu ishirini pale alipopaswa kukupa elfu mbili, unaigeuza kwanza uone kama ni halali. Wewe hukuigeuza. Askofu akala f7 kwa cheki, akilindwa na yule farasi wa e5, kwa hiyo mfalme hawezi kumla. Farasi huyohuyo anatazama d7. Mraba uliobaki ni e7 peke yake. Farasi wa pili anaruka d5, na mfalme amezungukwa: e6 na e8 ni za askofu, f6 ni ya farasi wa d5, nazo d6, d8 na f8 zimejaa vipande vyako mwenyewe.

Dawa ilikuwepo hata baada ya hatua ya tano: `5... dxe5`. Mweupe angekula askofu wako kwa `6. Qxg4`, na wewe ungekuwa nyuma kwa askari mmoja tu. Si vizuri, lakini mchezo unaendelea. Ila kosa la asili ni `4... g6`. Hatua hiyo haimlindi askofu wa g4 wala haizuii d5. Ungecheza `4... Nf6`, farasi wako angefanya kazi zote mbili: baada ya `5. Nxe5 dxe5 6. Qxg4` ungejibu `Nxg4`, na ungekuwa umemla malkia. Na ukikimbilia d1, farasi wa f6 angemla yule atakayeruka d5.

`4... Nc6` nayo inatosha, mradi usikimbilie malkia: unajibu `5... Nxe5`, farasi wako analinda g4 na kumtishia askofu wa c4. Lakini hapo mweupe mjanja hucheza kwanza `5. h3`. Ukirudi `Bh5`, umenaswa tena: `6. Nxe5 Nxe5 7. Qxh5 Nxc4 8. Qb5+`, naye anamla farasi wa c4 akiwa na askari mmoja zaidi. Tofauti nzima ni kwamba kutoka e5 farasi wako anafika g4, hafiki h5. Kwa hiyo ukiulizwa na `h3`, kula farasi wa f3.

Mtego huu unaitwa mtego wa Legal, kwa jina la Mfaransa aliyemfundisha Philidor, bingwa wa chesi, katika karne ya 18. Usiukariri kwa jina. Upange ubaoni mara tatu: mara moja kama ulivyocheza, mara moja na farasi f6, mara moja na farasi c6 na `h3`, na kila mara useme kwa sauti ni nani anamlinda askofu wa g4.

Picha ijayo piga mchana, simu ikiwa juu ya karatasi moja kwa moja, kidole mbali.

Kocha wako