Lupu Ndani ya Lupu Si Lazima Iwe n²

Kila mitihani inapokaribia, idara yetu hapa Dar es Salaam huwagawia wanafunzi wa kompyuta wa mwaka wa pili karatasi moja ya kujipima. Upande wa mbele una ngazi za ukuaji wa algorithimu, na upande wa nyuma una vipande vifupi vya msimbo ambavyo mwanafunzi anatakiwa avipange kwenye ngazi hizo.

Upande wa mbele hauna shida. Wengi wanaukariri wakiwa ndani ya daladala: 1, log n, n, n log n, n², 2ⁿ. Wanajua kwamba n ikiwa 1,000, log n kwa kizio cha 2 ni kama 10, n log n ni kama 10,000, n² ni milioni moja, na 2ⁿ ni namba yenye tarakimu 302. Alama zinapotea upande wa nyuma, na karibu kila mara chanzo ni kimoja: mwanafunzi anahesabu lupu, akasahau kuhesabu kazi inayofanyika ndani yake. Nitapitia vipande vinne. Kila penye kazi(), chukulia kwamba ni hatua moja tu.

```python
for i in range(n):
    for j in range(i):
        kazi()
```

Hiki ni chepesi. Mzunguko wa kwanza haufanyi kazi hata moja, wa pili unafanya moja, wa tatu mbili, hadi wa mwisho unaofanya n − 1. Jumla yake ni n(n − 1)/2. Kwa n ya 1,000 tunapata 499,500. Kwa n ya 10,000 tunapata 49,995,000. Data imeongezeka mara 10, kazi imeongezeka mara 100. Hiyo ni n², na ile nusu haibadilishi ngazi. Wapo wanaojifanya wajanja hapa wakasema kwamba kwa kuwa lupu ya ndani haifiki n, basi jibu ni dogo kuliko n². Tunawanyima alama.

Kipande cha pili ndicho kinachowaangusha wengi.

```python
i = 1
while i < n:
    for j in range(i):
        kazi()
    i = i * 2
```

Mwenye haraka ataona lupu mbili na kuandika n². Aliyesoma vizuri kidogo atasema lupu ya nje inazunguka mara log n, ya ndani inaweza kukaribia n, kwa hiyo jibu ni n log n. Huyu wa pili namhurumia, kwa sababu hoja yake ina mantiki. Tatizo ni kwamba kuzidisha namna hiyo kunatoa jibu sahihi pale tu mizunguko inapokuwa na uzito unaokaribiana. Hapa haikaribiani hata kidogo. Andika uzito wa kila mzunguko kwa n ya 1,000: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256, 512. Jumla ni 1,023. Mzunguko wa mwisho peke yake umefanya zaidi ya nusu ya kazi yote. Ile tisa iliyotangulia, ukiijumlisha, ni 511.

Hali hiyo haitegemei namba tuliyochagua. Thamani ya mwisho ya i ni ndogo kuliko n, na jumla yote ni mara mbili ya thamani hiyo kutoa 1, kwa hiyo haiwezi kufika 2n. Kwa upande mwingine, ukizidisha i hiyo ya mwisho kwa 2 unafika n au unaivuka, ndiyo maana lupu ikasimama. Basi jumla haishuki chini ya n − 1. Kazi imebanwa kati ya n − 1 na 2n. Jibu ni n.

Swali linalofuata kutoka kwa wanafunzi huwa ni lilelile: je, aliyeandika O(n log n) amekosea? Kwa maana kali ya alama O, hajasema uongo, kwa kuwa O inaweka dari tu, na dari inaweza kuwa juu sana. Hata O(2ⁿ) ni kweli kwa kipande hiki. Ndiyo maana swali likiandikwa vizuri huomba dari iliyo karibu kabisa, au hutumia alama Θ, inayobana juu na chini kwa pamoja. Donald Knuth aliitetea tofauti hiyo mwaka 1976, kwa sababu watu walikuwa wakitumia O pale walipokusudia kubana pande zote mbili. Soma swali kabla ya kubishana na msahihishaji.

Anayependa kupima kwa kompyuta naye aangalie. Ukikiendesha kipande hiki kwa n ya 1,000 na kisha 10,000, unapata 1,023 na 16,383, yaani ongezeko la mara 16. Ukiangalia namba hizo mbili tu, utaapa kwamba si n. Sababu ni kwamba jumla hairuki kidogo kidogo. Inakaa palepale, kisha inaruka kila n inapovuka kipeo cha 2. Pima kwa kuongeza n maradufu: 1,000, 2,000, 4,000. Utapata 1,023, 2,047 na 4,095, na hapo ukweli unajitokeza wenyewe.

```python
for i in range(1, n + 1):
    for j in range(i, n + 1, i):
        kazi()
```

Hapa lupu ya ndani inaruka kwa hatua za i, kwa hiyo inafanya kazi kama n/i. Jumla ni kama n ikizidishwa kwa 1 + 1/2 + 1/3 + … + 1/n. Mfululizo huo unakua polepole mno. Uupange kwa mafungu: 1/2 peke yake, 1/3 na 1/4, kisha 1/5 hadi 1/8. Kila fungu linafika angalau nusu na halifiki 1, na kila fungu jipya lina urefu mara mbili ya lililotangulia, hivyo idadi ya mafungu ni log n. Kazi yote ni n log n. Kwa n ya 1,000 hesabu kamili ni 7,069, na kwa 10,000 ni 93,668. Ongezeko ni mara 13.25; n log n inatabiri mara 13.3. Sidhani kama kuna uthibitisho mtamu kuliko huo kwenye karatasi nzima.

Cha mwisho kina lupu moja tu inayoonekana. Chukulia ni duka la Kariakoo linaloondoa namba za simu za wateja zilizojirudia:

```python
safi = []
for namba in orodha:
    if namba not in safi:
        safi.append(namba)
```

Lupu ya pili imejificha ndani ya not in, kwa kuwa Python inaipekua orodha safi kuanzia mwanzo. Namba zote zikiwa tofauti, upekuzi ni 0, 1, 2, hadi n − 1, jumla ileile ya kipande cha kwanza: n². Zikiwa zote namba moja, safi inabaki na kitu kimoja na kazi ni n tu. Kwa hiyo jibu liandikwe pamoja na maneno “katika hali mbaya zaidi”. Ukibadili [] iwe set() na append iwe add, kazi inashuka hadi n, na hapo napo ongeza neno “kwa wastani”, kwa sababu seti hutegemea funguo zisigongane sana.