Mota inaunguruma na haizunguki: testa kuwaka si ushahidi kwamba fezi zote zipo

Kila mota ya fezi tatu inapoletwa kwangu na maelezo kwamba "inaunguruma tu, haizunguki", namuuliza fundi alipima nini kabla ya kuifungua. Jibu karibu siku zote ni moja: "Fezi zote tatu zipo, nimepima kwa testa, zinawaka." Kisha mota inalaumiwa, inasukwa upya, inarudishwa mahali pake, na inaunguruma vilevile. Nimechoka kusuka mota zisizo na kosa, kwa hiyo nalianzia hili. Nazungumzia mota inayowashwa kwa kontakta kwenye mfumo wa volti 400, isiyo na invata.

Dhana: testa ikiwaka kwenye terminali zote tatu za mota, umeme umekamilika

Si kweli, na sababu imo ndani ya mota yenyewe. Tuseme mota imefungwa sta, na fezi ya tatu imekatika mahali fulani kabla ya kuifikia. Fezi ya kwanza na ya pili bado zinaingia. Mkondo unapita koili mbili kwa mfuatano, na pale koili zinapokutana katikati, volti inakuwa nusu ya ile iliyopo kati ya fezi mbili. Koili ya tatu imeshikana na makutano hayo hayo, na kwa kuwa haina mkondo, volti ya pale inatokea ilivyo hadi kwenye terminali yake. Mota ikiwa imesimama, utakuta takriban volti 115 kati ya terminali hiyo na ethi. Testa inawaka hata kwa volti zilizo chini ya hapo, na haikuambii kama ni 115 au 230, wala kama umeme unatoka kwenye laini au unarudi kupitia mota. Kwenye delta mambo ni hayo hayo, kwani koili mbili zilizobaki zinagawana volti nusu kwa nusu.

Mita nayo itakudanganya ukiitumia vibaya. Mota iliyopoteza fezi ikiwa tayari inazunguka huendelea kuzunguka, na rota yake huzalisha volti kwenye terminali iliyokufa hadi ikaribie kiwango kamili. Ukipima wakati huo utaandika namba tatu zinazokaribiana na utaondoka ukiwa umeridhika. Ndiyo maana tatizo hujulikana asubuhi: fezi ilikatika jana mota ikiwa kazini, ikamaliza siku ikiwa na joto kupita kiasi, ikazimwa, na leo inagoma kuanza.

Inagoma kwa sababu fezi mbili zilizobaki haziwezi kutengeneza uga sumaku unaozunguka. Zinatengeneza uga unaopanda na kushuka mahali pamoja, na rota iliyosimama inavutwa kwa nguvu sawa pande zote mbili. Mngurumo unaousikia ndio huo. Rota ikishapata mwendo, upande inakoelekea unazidi nguvu upande mwingine, na inaendelea.

Kuna kipimo kimoja kisichobabaishwa na volti za kurudi, nacho ni mkondo. Chukua klempu mita, ishike laini moja, mwenzako awashe kwa sekunde mbili au tatu, azime, kisha mwache mota ipoe kabla ya laini inayofuata. Usiiache ikiunguruma. Mota iliyosimama huvuta kama mara 6 ya ampea za kwenye kibati chake, maana yake joto kwenye koili ni mara 36, na feni yake haizunguki.

Matokeo yanasomeka hivi. Laini mbili zikiwa na mkondo mkubwa unaolingana na ya tatu ikiwa sifuri, umekosa fezi, au kwenye sta koili moja imekatika ndani ya mota. Zote tatu zikiwa na mkondo mkubwa unaolingana, umeme uko sawa na kuna kitu kimeshika rota. Msingoje kuona tofauti kubwa ya ukubwa kati ya hali hizi mbili, kwa sababu mota iliyokosa fezi na kusimama huvuta asilimia 87 hivi ya mkondo ambao ingevuta ikiwa imejamu na fezi zote zipo. Anayepima laini moja tu na kusema "mkondo ni mkubwa, pampu imejamu" anabahatisha.

Nitoe mfano mmoja ulionikera zaidi. Mota ya pampu, kilowati 4, imefungwa sta, kibati kinasema ampea 8.2. Ilikuwa imeshasukwa mara moja mwezi uliotangulia, na ilipoanza kuunguruma tena fundi alinipigia simu kwamba waliosuka waliharibu. Nilimwomba asiifungue mpaka nifike. Klempu ilionyesha 42, 43 na 0. Hapo pampu ikatoka kwenye orodha ya washukiwa, ikabaki kujua fezi inakatikia wapi.

Juu ya kontakta, yaani upande umeme unakoingia, kulikuwa na volti 398 kati ya kila fezi mbili. Chini yake, kontakta ikiwa imevuta, tulipata 398 kati ya ya kwanza na ya pili, lakini 199 kati ya ya kwanza na ya tatu, na 199 tena kati ya ya pili na ya tatu. Huo ndio mchoro wa fezi iliyokosekana: moja kamili, mbili nusu. Kisha nikafanya kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kupima kukatiza kila njia ya kontakta, waya mmoja wa mita juu na mwingine chini ya njia ileile. Njia mbili zilisoma karibu sifuri, kama inavyotakiwa kwa kontakti zilizogusana. Ya tatu ilisoma 344. Kontakti zake zilikuwa zimeungua hadi hazifikiani tena, ingawa kontakta ilivuta kwa mlio wake wa kawaida.

Wanaoona kipimo hicho kwa mara ya kwanza hushangaa kwamba si 230 wala 400. Upande wa juu kuna fezi halisi, upande wa chini kuna ile 115 inayorudi kupitia mota ikielekea upande ulio kinyume kabisa na fezi hiyo, kwa hiyo zinajumlishwa: 230 na 115 ni 345.

Vipimo hivi vinafanywa umeme ukiwepo. Asiyezoea kupima ndani ya boksi lililo hai amwachie anayejua, na mita iwe ya kiwango kinachofaa kwa volti hizo.

Laiti aliyesuka mota mwezi uliotangulia angesimama dakika moja kutazama koili za zamani kabla ya kuzitoa, pampu isingelala mara ya pili. Kwenye sta, fezi ikikosekana, makundi mawili ya koili huungua na la tatu hubaki safi kabisa. Kwenye delta huungua kundi moja, lile lililobeba volti kamili peke yake, kwani mengine mawili yanagawana mzigo. Makundi yote matatu yakiwa meusi sawasawa, mota ilijamu au ilizidiwa mzigo. Nawasihi wanaosuka mota: mwambieni mteja mlichokiona. Mota safi ikirudi kwenye kontakta ileile itaungua tena.

Dhana: kapasita imekufa

Mota ya kawaida ya fezi tatu haina kapasita ya kuianzisha, kwa sababu fezi tatu zenyewe ndizo zinazozungusha uga sumaku. Kapasita unazoziona ndani ya boksi kubwa la umeme kwa kawaida ni za kurekebisha kipengele cha nguvu, na zikifa zote mota itaanza kama kawaida.

Dhana hii imehama kutoka kwa mota za fezi moja, ambako kapasita ikifa mota huunguruma na kusimama kweli. Kuna hali moja tu ambapo inaihusu mota ya fezi tatu, yaani pale mota ndogo yenye kibati cha 230/400 imefungwa delta na kulishwa umeme wa fezi moja wa volti 230, na kapasita ikaunganishwa kwenye terminali ya tatu. Hapo kapasita ndiyo fezi ya tatu ya bandia. Kipimo cha kuanzia ni mikrofaradi 70 hivi kwa kila kilowati, na ikipungua sana au ikikatika utapata mngurumo uleule. Fuata waya zinazoingia kwenye mota. Ikiwa ni laini tatu kutoka kwenye kontakta, sahau kapasita. Ikiwa ni fezi na nyutro, kapasita ndiyo ya kwanza kupimwa, baada ya kuimwaga chaji.

Dhana: ikizunguka kwa kusukumwa, tatizo ni beringi

Kinyume chake. Mota iliyojamu haisukumiki. Inayoanza baada ya kusukumwa, tena ikafuata upande wowote unaoisukumia, imekosa fezi. Lakini msiifanye kuwa njia ya kupima, maana mkono karibu na shafti ya mota iliyowashwa ni mkono unaotafuta kukatwa.

Kuzungusha kwa mkono kuna maana umeme ukiwa umezimwa na kufungwa kwa kufuli. Shafti ikizunguka laini, mzigo si tatizo. Ikigoma, fungua kaplingi au toa mkanda, uzungushe kila upande peke yake: pampu yenye mchanga au beringi iliyoshika itajitambulisha yenyewe. Mota ikiwa ngumu hata ikiwa peke yake, angalia kwanza kama ina breki. Breki ambayo koili yake haipati umeme hushika rota, na klempu itaonyesha mikondo mitatu mikubwa inayolingana kabisa.

Dhana: badilisha fezi mbili itaanza

Kubadilisha fezi mbili kunageuza mwelekeo, basi. Kama fezi haipo, umehamishia tu ukosefu kwenye terminali nyingine.

Dhana: ovalodi inakata ovyo, iongeze kidogo

Ovalodi inayokata kila mota inapounguruma inafanya kazi yake. Nimekuta zimepandishwa hadi mwisho wa kipimo. Iweke kwenye ampea za kibati, na chagua aina inayohisi mkondo usiolingana, kwa kuwa hiyo hukata mapema zaidi laini moja ikikosa mkondo. Rilei ya kulinda fezi ni nzuri, ila mara nyingi hufungwa kabla ya kontakta na inatazama volti zinazoingia tu. Kwenye pampu niliyoieleza rilei hiyo ilikuwepo, na taa yake ya kijani iliwaka muda wote mota ilipokuwa inaungua.