Wan-on-wan ya kila wiki ni nini hasa, na kwa nini inakufa wiki ikichafuka

Wan-on-wan ni kikao cha watu wawili tu, bosi na mtu anayeripoti kwake, siku ileile saa ileile kila wiki, na ajenda inatoka kwa mfanyakazi sio kwa bosi. Hicho kipande cha mwisho ndo watu wengi wanakiruka. Andy Grove aliyekuwa bosi wa Intel alikuwa anasema hivyohivyo tangu miaka ya 80, kwamba kikao ni cha yule wa chini, yeye ndo anakuja na mambo yake. Ukikaa nusu saa unamuuliza "ile ripoti imefika wapi, na ile nyingine je" hapo umefanya kikao cha stetasi, ambacho kingeweza kuwa meseji ya mistari mitatu.

Sasa kwa mtu anayefanya kazi kwa mbali hii kitu ina uzito mwingine. Yule wa ofisini hata mkikosana wiki mbili mtakutana kwenye chai, ataona uso wako, atakurushia swali mlangoni. Wa mbali hana mlango. Na hesabu yake ni rahisi ila inauma, ukifuta kikao kimoja cha kila wiki pengo haliwi siku 7 tena linakuwa siku 14, ukifuta viwili mfululizo ni siku 21, yani wiki tatu mtu anafanya kazi kwa kubahatisha unataka nini.

Nitoe kisa changu maana nilijifunza kwa kuumia. Nasimamia watu sita kwenye kazi za mahesabu hapa Dar, mmoja wao dada yuko Mwanza anafanyia nyumbani. Kikao chetu kilikuwa Jumatatu saa tatu asubuhi. Mwezi mmoja nikafuta cha kwanza kwasababu ya PAYE, kodi ya mishahara, ile inatakiwa iwe imeingia isizidi tarehe 7, wiki iliyofuata nikafuta tena mteja kaja ghafla, kila mara naandika "sorry dada tutaongea wiki ijayo" naye anajibu "sawa bosi hamna shida". Kumbe shida ipo. Mteja mmoja alikuwa amemtumia risiti 11 za kuandikwa kwa mkono, hazijatoka kwenye mashine ya EFD, na yeye hakujua azihesabu kwenye VAT ya manunuzi au aziache. Hakutaka kunisumbua kwenye wasap kwa sababu aliona nimezidiwa, akaiweka kwa ajili ya kikao. Kikao hakikuwepo. Nimekuja kuijua tarehe 19 saa mbili usiku, ritani ya VAT mwisho tarehe 20, tukalala saa nane usiku tunamtafuta mteja atuletee risiti halali. Swali lenyewe lilikuwa la dakika mbili.

Nilivyokaa nikafikiria nikaona kosa halikuwa kuwa bize, maana tarehe 7 na tarehe 20 zinajulikana tangu Januari, wiki chafu kwetu sio ajali kabisa. Kosa ni kwamba kikao nilikijenga cha aina moja tu, cha dakika 30 chenye video, kwahiyo wiki ikibana chaguo langu lilikuwa mawili, kufanya chote au kufuta chote. Na ukiwa umezidiwa utafuta tu, hata ungekuwa nani.

Tulichobadilisha ni hiki. Kwanza kikao kina saizi mbili. Ya kawaida ni dakika 30, ya wiki chafu ni dakika 10 za simu ya kawaida, sio video, hata nikiwa kwenye foleni ya Mwenge napiga (naendeshwa lakini, siendeshi). Hizo 10 zina maswali matatu tu: nini kimekwama kinachonisubiri mimi, nini kitaharibika kabla ya wiki ijayo, na kuna kitu hukipendi unakinyamazia? Hilo la tatu mwanzoni alikuwa anajibu "hamna" kila wiki, nikaendelea kuuliza, wiki ya tano hivi akafunguka kuhusu mteja anayempigia saa nne usiku.

Pili, neno kufuta tumelitoa, kuna kusogeza tu. Anayesogeza lazima aweke muda mpya kwanza ndo aondoe wa zamani, na muda mpya uwe ndani ya wiki hiyohiyo. Kwenye Google Calendar ukilivuta tukio linalojirudia linakuuliza, chagua `This event`, maana ukigusa `All events` umehamisha miezi yote na wiki ijayo kila mtu anasubiri saa tofauti, hii imenikuta. Alafu fungua tukio, kwenye ruhusa za mgeni weka tiki `Modify event` ili na yeye aweze kusogeza. Hako kajambo kadogo lakini kamebadilisha mengi, kabla ya hapo kusogeza ilikuwa ni kuomba ruhusa, na mtu wa chini haombi, anakaa kimya.

Tatu, siku. Jumatatu asubuhi ni mbaya, mambo yote ya wikendi yanaangukia hapo. Ijumaa ni mbaya zaidi kwasababu ukisogeza unasogeza kwenda wapi, wiki imeisha. Tumeweka Jumanne saa nne asubuhi ili ikishindikana kuna Jumatano na Alhamisi za kuangukia. Na mwanzoni mwa kila mwezi naangalia Jumanne ipi iko karibu na 7 au 20, hiyo naiandika kabisa kwenye kalenda "dk 10 simu", hakuna mtu anayeshtuka.

Kama mtu wako yuko nje ya nchi kuna mtego wa saa. Mwenzangu ana mtu Ujerumani, kikao saa nne asubuhi ya Dar, kipindi cha baridi kule ni saa mbili, wakisogeza saa zao mwishoni mwa Machi inakuwa saa tatu, huku kwetu hakuna kilichobadilika. Yule jamaa saa tatu yake alikuwa na kikao kingine cha kila siku, kwahiyo ghafla akaanza kukosa na bosi akadhani ni uvivu.

Kuna dokumenti moja ya pamoja pia, yeye anaandika vitu vyake humo wiki nzima kadiri vinavyomjia, tarehe mpya juu. Mimi naisoma dakika tano kabla. Hii ndo inayonionyesha kikao kinaanza kufa kabla hakijafa: sehemu yake ikiwa tupu wiki mbili mfululizo ujue ameshakata tamaa nacho, sio kwamba hana la kusema. Na tukisogeza mara tatu ndani ya wiki sita basi siku yenyewe ni mbovu, tunabadilisha siku badala ya kulaumiana.

Ila usijidanganye na idadi. Watu sita kwa dakika 30 ni saa tatu kwa wiki, inabebeka. Ukiwa na watu 12 ni saa sita, na hapo utaanza kufuta tu hata uape. Bora wale wa ofisini uwapeleke kila baada ya wiki mbili, wa mbali ubaki nao kila wiki.