Mshtuko wa maji baridi: kwa nini dakika ya kwanza humzamisha hata ajuaye kuogelea

Mshtuko wa maji baridi ni namna mwili unavyojibu ngozi inapopoa ghafla ndani ya maji. Kwanza mtu huvuta pumzi moja kubwa bila kutaka, kama aliyeshtuliwa usingizini. Kisha huhema kwa kasi asiyoweza kuizuia, huku moyo ukienda mbio na shinikizo la damu likipanda. Hali hii huwa kali zaidi katika nusu dakika ya kwanza, na kwa kawaida hutulia ndani ya dakika moja hadi tatu.

Wengi huichanganya na kuganda kwa baridi, yaani joto la ndani ya mwili kushuka hadi mtu akalegea na kupoteza fahamu. Hilo huchukua muda: kwa mtu mzima, hata kwenye maji ya baridi kali, ni kama nusu saa na zaidi. Aliyezama dakika mbili baada ya kuingia majini hakuuawa na kuganda.

Chanzo kiko kwenye ngozi. Vipokezi vya baridi viko karibu sana na uso wake, na huitikia hasa kasi ya kupoa. Ndiyo maana anayejitosa hupatwa vibaya kuliko anayeingia polepole katika maji yaleyale. Wala si lazima maji yawe na barafu. Mshtuko huweza kuanza maji yakiwa chini ya nyuzi joto 25, na kati ya nyuzi 15 na 10 huwa tayari umefika kileleni.

Chukua mtu wa kilo 75 anayechupa kutoka gatini hadi kwenye bahari yenye nyuzi 12. Kichwa kinazama kwanza, na papo hapo kifua kinavuta. Mvuto huo waweza kufika lita 2 au 3. Kwa mtu wa uzito huo, lita 1.5 hivi za maji ya chumvi zikiingia mapafuni zinatosha kumuua. Kwa hiyo pumzi moja tu, ikivutwa mdomo ukiwa chini ya maji, inaweza kumaliza kila kitu kabla hajapiga mkono hata mmoja.

Tuseme kichwa kimeibuka salama. Nchi kavu alikuwa akibana pumzi dakika nzima. Hapa hawezi hata sekunde 10, kwa hiyo wimbi dogo likimpiga usoni hana namna ya kulisubiri lipite. Ujuzi wa kuogelea nao unakwama, kwa sababu muogeleaji hupanga pumzi zake zifuate mikono, na sasa kifua kinakwenda kivyake. Mapafu pia yamejaa karibu pomoni, naye anaongeza vipumzi vifupi juu ya hewa iliyomo, hivyo anahisi kukosa hewa ingawa anayo tele. Kuhema huko kunapunguza hewa ukaa kwenye damu, ndipo kizunguzungu na ganzi ya vidole vinapokuja. Akidhani dawa ni kukaza mwendo kuelekea ufukweni, anazidisha balaa.

Moyo una hatari yake. Baridi ya ngozi inauamuru uende mbio, ilhali uso uliozama na pumzi iliyobanwa vinauamuru upunguze mwendo. Amri hizo mbili zikigongana, mapigo yanaweza kuvurugika, hata kwa mtu anayeonekana mzima. Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu yuko hatarini zaidi.

Ukishatumbukia, usiogelee kwanza. Lala chali, rudisha kichwa nyuma hadi masikio yaingie majini, mdomo na pua vikae juu, kisha sogeza mikono na miguu polepole, kiasi tu cha kukuweka ukielea. Kama kuna kitu cha kushika, kishike. Subiri hivyo sekunde 60 hadi 90. Ukiweza kusema sentensi nzima bila pumzi kuikata, mshtuko umepungua. Sasa ita msaada au elekea mahali pa kutokea. Usikawie mno, maana katika maji ya baridi kali vidole na mikono huanza kukosa nguvu baada ya dakika 10 hivi.

Jaketi la kuokolea husaidia likiwa limevaliwa tayari. Kulivaa na kulifunga majini huku unahema ni kazi ambayo wengi hushindwa.

Mwili unaweza kuzoezwa: kuingia kwenye maji baridi mara tano au sita, kama dakika 3 kila mara na mwangalizi akiwa karibu, kunaweza kupunguza mshtuko kwa karibu nusu, na mazoea hayo hudumu miezi kadhaa. Nusu iliyobaki bado inatosha kumvutisha mtu maji, kwa hiyo hata aliyezoea aingie taratibu, miguu kwanza, na asizamishe uso kabla pumzi haijatulia.