Moyo haupigi kwa zamu: dhana potofu nne na moyo wa mbuzi kutoka Burma

Darasa langu la huduma ya kwanza huanza na moyo wa mbuzi. Naununua asubuhi Soko la Burma, hapa Nairobi, nauosha, nauweka kwenye sinia, na kabla sijatia kisu nawaambia wanafunzi wanionyeshe kwa kidole: damu inaingilia wapi na inatokea wapi? Wengi wao walisoma haya shuleni na mchoro bado wanaukumbuka vizuri, nusu buluu nusu nyekundu. Shida ni kwamba mchoro umewaachia mawazo ambayo, mgonjwa akiwa sakafuni, humfanya mtu afanye kinyume cha kinachotakiwa.

Dhana: "Upande wa kulia hupiga kwanza, damu ikishapita mapafuni ndipo wa kushoto hupiga."

Hii inatokana na mishale. Mchoro unaonyesha damu ikiingia chumba cha juu cha kulia, ikishuka chumba cha chini cha kulia, ikienda mapafuni, ikirudi chumba cha juu cha kushoto, ikishuka chumba cha chini cha kushoto, kisha ikatoka kwa aota, ule mshipa mkuu, kwenda mwilini. Njia hiyo ni sahihi kabisa. Kosa ni kudhani moyo nao hufuata foleni hiyo, chumba kimoja baada ya kingine.

Ukweli ni kwamba vyumba viwili vya juu hubana pamoja, kisha vyumba viwili vya chini hubana pamoja. Pigo moja hutoa damu pande zote mbili kwa wakati mmoja: ya kulia inaelekea mapafuni, ya kushoto inaelekea mwilini. Ila si damu ile ile. Iliyotoka kulia sasa hivi itafika upande wa kushoto baada ya mapigo kadhaa. Ndiyo maana ukiweka sikio kifuani husikii vishindo vinne, unasikia viwili: cha kwanza ni vali kati ya vyumba vya juu na vya chini zikijifunga, cha pili ni vali za kutokea zikijifunga. Pande zote mbili hufunga karibu sawia, kwa hiyo sikio linasikia kishindo kimoja.

Na vyumba vya juu havifanyi kazi kubwa kama watu wanavyofikiri. Vya chini vikilegea, sehemu kubwa ya damu hushuka yenyewe. Vya juu huongezea tu mwishoni, kama asilimia 20 hadi 30. Wapo watu wengi mjini humu ambao vyumba vyao vya juu vinatetemeka tu bila kubana vizuri, na bado wanapanda matatu na kwenda kazini. Vya chini vikitetemeka hivyo, mtu huanguka katika sekunde chache.

Dhana: "Upande wa kushoto ni mnene kwa sababu unasukuma damu nyingi zaidi."

Hapa ndipo kisu kinaingia. Ukiupasua ule moyo wa mbuzi kwa upana, chini kidogo ya katikati, unaona jambo ambalo mchoro haukuambii. Chumba cha kushoto ni duara lenye ukuta mnene, mgumu kwa kidole. Cha kulia kimejikunja ubavuni mwake kama mfuko, ukuta wake ukiubana kwa vidole unakunjika. Kwa binadamu mzima ukuta wa kushoto ni kama sentimita moja, wa kulia ni kama theluthi ya hapo. Mwanafunzi akishika pande zote mbili husema bila kufikiri: huu wa kushoto unabeba mzigo mkubwa.

Mzigo, ndiyo. Kiasi, hapana. Fikiria ploti yenye pampu mbili za maji. Moja inajaza tangi lililo chini uani, nyingine inachukua maji ya tangi hilo na kuyapandisha ghorofa ya nane kule mtaa wa Pipeline. Ya pili lazima iwe na nguvu zaidi, lakini haiwezi kupandisha lita nyingi kuliko zile ilizoletewa na ya kwanza. Mapafu yako hapo hapo karibu na moyo, na mishipa yake ni mipana na laini, kwa hiyo upande wa kulia ukibana hufikisha shinikizo la kama milimita 25 za zebaki tu. Wa kushoto hufikisha kama 120, maana una safari ya kwenda hadi kisogoni na hadi vidole vya miguu. Kiasi ni kile kile: kama mililita 70 kila upande, kila pigo, mtu akiwa ametulia. Kwa mapigo 70 ni karibu lita 5 kwa dakika.

Usawa huu ndio nautaka ukae kichwani, kuliko jina la vali yoyote. Tuupigie hesabu. Chukua mtu ambaye moyo wake unapiga mara 80 kwa dakika. Kulia kunatoa mililita 70, kushoto kumechoka kunatoa 69. Tofauti ni mililita moja, chini ya robo ya kijiko cha chai. Kwa dakika ni mililita 80. Kwa dakika 10 ni 800. Mapafu kwa kawaida huwa na karibu nusu lita ya damu ndani yake, na sasa yameongezewa zaidi ya hicho. Moyo wenye afya hauruhusu hesabu hii iendelee: chumba cha kushoto kikijazwa zaidi, misuli yake huvutika na pigo linalofuata huwa na nguvu zaidi, mizani inarudi. Moyo uliochoka hauwezi. Shinikizo linapanda katika mishipa ya mapafu, na maji ya damu huanza kuvujia kwenye vifuko vya hewa.

Nilikutana na hali hiyo mtaa wa Umoja, ghorofa ya tatu, saa tisa usiku. Mama wa nyumba ya jirani alinigongea: "Njoo, baba watoto anakosa pumzi." Nilikuta majirani wamemlaza mzee chali sakafuni, miguu wameipandisha juu ya mto, kwa sababu mmoja aliwahi kusikia kwamba mtu akizidiwa huinuliwa miguu. Alikuwa anahema kwa haraka, kifua kinatoa mlio kama wa maji yanayochemka, jasho baridi, na pembeni mwa mdomo kuna povu lenye rangi ya waridi. Mwingine alikuwa anatafuta inhela, akidhani ni pumu. Mzee mwenyewe alikuwa anang'ang'ana kuinuka, nao wanamwambia, "Lala, mzee, tulia."

Sasa rudi kwenye zile pampu mbili. Ukimlaza na kumwinua miguu, damu iliyokuwa imekaa miguuni inarudi haraka chumba cha juu cha kulia. Upande wa kulia ni mzima, unaipokea na kuituma yote mapafuni. Upande wa kushoto ndio ulioshindwa kuyaondolea mapafu kile yalichonacho tayari. Kila mililita unayoishusha kutoka miguuni unaipeleka mahali palipofurika. Tulimketisha wima, mgongo ukutani, kisha tukamsogeza ukingo wa kitanda miguu ikining'inia chini. Dirisha likafunguliwa, vifungo vya shati vikalegezwa, simu ikapigwa 999, na hakuna aliyempa maji wala chai. Kuketi hakumponyi, kunapunguza tu kinachoingia mapafuni hadi wafike wenye oksijeni na dawa. Baada ya muda aliweza kusema maneno matatu bila kukatika, ambayo ni dalili nzuri. Asingalijibu kabisa na pumzi ikakoma, au ikabaki ya kukata roho, ningalimlaza chali na kuanza kubonyeza kifua.

Kuinua miguu, kwa hiyo, si uongo. Mtu aliyezirai kwa kusimama juani kwenye gwaride anaweza kulazwa na kuinuliwa miguu, kwa sababu tatizo lake ni kwamba damu haijarudi moyoni. Mtu anayekosa pumzi akilala na kupata nafuu akiketi, mwache aketi. Mara nyingi mwili wake umeshakueleza ni upande gani wa moyo ulio taabani.

Dhana: "Damu inayorudi moyoni ni ya buluu na haina oksijeni."

Ni nyekundu iliyokoza, haijawahi kuwa ya buluu. Aliyewahi kutolewa damu ya kupima amejionea. Na mtu akiwa ametulia, damu inayorudi bado imebakiza karibu robo tatu ya oksijeni yake. Kwa mwokoaji hili lina maana moja: mtu mzima aliyeanguka ghafla mbele yako, moyo ukasimama, bado ana oksijeni ndani ya damu kwa dakika za mwanzo. Kinachokosekana ni mwendo. Usipoteze muda ukitafuta kitambaa cha kumwekea mdomoni, anza kifua. Aliyezama majini ni hadithi nyingine, huyo oksijeni ndiyo iliyoisha kwanza, na pumzi za kumpulizia haziwezi kungoja.

Dhana: "Kubonyeza ndiyo kazi, kuachia ni kupumzika."

Kwanza, pa kubonyeza ni katikati ya kifua, nusu ya chini ya mfupa wa kidari, si kushoto kwenye chuchu. Kina ni sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, kasi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika. Haya wanafunzi huyakariri upesi. Wasichokifanya ni kuachia hadi mwisho. Wakichoka, wanaegemea: mikono inapanda nusu tu, kifua hakirudi mahali pake.

Kwa hili nina kifaa cha kununuliwa hadwea, ile pampu ya mpira ya kuhamishia mafuta ya taa, yenye tumbo jekundu la kufinya na vali mbili ndani. Ukilifinya, vali ya chini inajifunga, ya juu inafunguka, maji yanatoka. Ukiachia, tumbo linapanuka, ya juu inajifunga, ya chini inafunguka, maji yanaingia. Hicho ni chumba cha chini cha moyo, bila tofauti kubwa. Natia mrija mmoja ndani ya ndoo, mwingine ndani ya glasi, nampa mwanafunzi afinye mara kumi akiachia kabisa. Kisha anarudia mara kumi, lakini safari hii vidole vilegee kidogo tu. Nguvu anayotumia ni ile ile, pengine hata zaidi, na glasi inapata matone.

Kifuani kuna la ziada. Mbavu zikirudi juu, shinikizo ndani ya kifua linashuka na damu inavutwa kutoka mwilini kuingia chumba cha juu cha kulia. Ni wakati huo huo pia ambapo misuli ya moyo wenyewe hupata damu, kupitia mishipa midogo inayochipuka mwanzo wa aota. Haiinywi ile iliyomo vyumbani. Anayeegemea anaunyima moyo kujaa, na anaunyima chakula chake.

Utajuaje unaegemea? Mikono yako haikwambii, imeshachoka. Mwenzako apige magoti upande wa pili, macho yawe usawa wa kifua, aangalie kifungo cha shati kama kinarudi pale kilipokuwa. Kisiporudi aseme neno moja tu, "Achia." Mbadilishane kila baada ya dakika mbili, hata kama unaona bado una nguvu. Kijana mmoja wa darasa la mwezi uliopita, mbeba mizigo Muthurwa mwenye mabega kama mlango, alibisha kwamba yeye hachoki. Mwenzake alimwambia "Achia" kabla dakika ya pili haijaisha.