Barua pepe ya kumwomba msimamizi muda ianze na nini?

Je, nikimwandikia msimamizi wangu wa uzamili aniongezee muda, nianze na salamu, sababu au ombi? Najua ukieleza matatizo yako kwa kirefu ndiyo anakuelewa.

Anza na ombi, lenye tarehe mpya ndani yake. Salamu iwe ya mstari mmoja, na sababu ije baadaye kwa sentensi mbili au tatu.

Wengi hudhani barua ya namna hii ni ya kutia huruma, hivyo wanapanga ugonjwa, msiba, ada na mafuta ya usafiri, kisha ombi linajitokeza mwishoni bila tarehe: "naomba unifikirie." Msimamizi anaweza kukuonea huruma kweli, ila bado hajui akubali nini. Ni kama abiria wa Nansio anayefika dirishani na kumsimulia mkata tiketi habari za safari yake yote, asitaje anasafiri lini. Mkata tiketi atamsikiliza, lakini tiketi hawezi kuikata. Msimamizi naye ana ratiba ya kusoma kazi za wengine, na anachohitaji ni kujua sura itamfikia siku gani na kwa nini aiamini siku hiyo.

Tuchukue mwanafunzi wa Kiswahili anayechunguza msamiati wa wavuvi wa dagaa Igombe, Mwanza. Sura ya Nne ilitakiwa 30 Mei. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali mwanga wa taa hauwavuti vizuri, kwa hiyo mitumbwi mingi hupumzika na wavuvi wengine hurudi makwao. Siku zake za kurekodi ziliangukia hapo. Tarehe 19 Mei anaandika:

> Mada: Ombi la kusogeza Sura ya Nne kutoka 30 Mei hadi 13 Juni
>
> Dkt. (jina la ukoo),
>
> Shikamoo. Naomba uniruhusu kuwasilisha rasimu ya Sura ya Nne Ijumaa, 13 Juni, badala ya 30 Mei.
>
> Nimewarekodi wavuvi 13 kati ya 20 niliowapanga. Saba waliobaki waliondoka Igombe katika kipindi cha mbalamwezi, ambacho nilipaswa kukizingatia nilipopanga ratiba. Wamerejea, na nitawarekodi kuanzia 20 hadi 27 Mei.
>
> Nimeambatanisha unukuzi wa rekodi 13 pamoja na muhtasari wa sura. Tarehe ya Sura ya Tano haitabadilika.
>
> Kama 13 Juni haikufai, naomba unielekeze tarehe inayofaa.
>
> Wako mtiifu,
> (Jina kamili, namba ya usajili, programu, simu)

Angalia sentensi ya mbalamwezi. Mwezi mpevu hujulikana mapema, na msimamizi makini atauliza mara moja kwa nini hukuupangia. Mwanafunzi amelijibu swali hilo kabla halijaulizwa, kwa maneno machache, kisha akaendelea. Angelificha, sababu yake ingeonekana kisingizio. Kiambatisho nacho kina kazi kubwa kuliko maelezo yoyote, kwa kuwa kinaonyesha kazi ipo na imefika wapi. Bila kiambatisho, "nimefika mbali" haipimiki.

Kuhusu shikamoo hakuna kanuni moja. Barua rasmi ya Kiswahili ya karatasi haina salamu hiyo, lakini barua pepe iko karibu zaidi na mazungumzo, na wasimamizi wengi hawaoni tatizo. Kama wako huandika kikavu, mwandikie "Habari za kazi" au uingie kwenye ombi moja kwa moja. "Mheshimiwa" waachie wabunge na mahakimu. Cheo chake cha kitaaluma kinatosha. "Naomba uniruhusu" ina adabu ya kutosha, ila "nataka" na "nahitaji uniongezee" zinasikika kama amri kwa mtu aliyekuzidi cheo.

Muda wa sura moja kwa kawaida ni suala lenu wawili. Muda wa usajili wa shahada ni jambo jingine: mara nyingi una fomu yake, hupitia ngazi za juu za chuo na pengine una ada, na msimamizi peke yake hawezi kuutoa. Ukichanganya maombi hayo mawili kwenye barua moja, la sura linaweza kusubiri la usajili bila sababu. Yaandikie barua mbili.

Tuma kabla tarehe ya zamani haijafika, walau wiki moja. Na akikujibu "sawa" kwa simu au mkikutana kwenye korido, mwandikie siku hiyo hiyo mstari mmoja kwenye barua pepe ile ile: "Asante Daktari kwa kunikubalia 13 Juni." Hapo tarehe imeandikwa mahali ambapo nyote wawili mnaweza kuiona.